UZI: Nikosoeni hati ya onyesho la huduma ya kwanza kwa walioungua na wanaovuja damu nyingi, shamba la mkonge Tanga

Karani wa Korona

Wakuu, habari za asubuhi. Niko kwenye kamati ya usalama ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Jumatano ijayo, kabla mashine za korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, hazijawashwa, nimepewa saa moja niwaonyeshe wafanyakazi namna ya kumhudumia aliyeungua na anayevuja damu nyingi mpaka afikishwe hospitali. Watakuwepo wakata mkonge, watu wa mashine ya brashi, watu wa jikoni na madereva. Wengi hawana muda wa kusoma karatasi, kwa hiyo nataka waone kwa macho.

Nimeandika hati hii:

*Onyesho la kwanza. Mpishi anamwagikiwa na uji wa moto mkononi. Mhudumu anampeleka bombani, anammwagia maji, anamfunga bandeji. Dakika 5.*

*Onyesho la pili. Kijana wa mashine anakatika mkono, damu inatoka nyingi. Mhudumu anaweka kitambaa, anafunga, anauinua mkono juu. Dakika 5.*

*Maswali, dakika 20. Kisha maelezo ya sanduku la dawa.*

Kinachonisumbua ni kwamba onyesho lililopita lilikuwa hivihivi, watu wakapiga makofi. Baadaye kijana mmoja akaungua na maji ya moto, wenzake wakammwagia kopo moja tu, wakamfunga kitambaa, wakamwambia akakae kivulini. Walifanya kile kile walichokiona. Sasa nibadilishe nini?

---

Sista wa Chumbageni

Karani, hongera kwa kuliona hilo. Nimefanya kazi chumba cha dharura miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba tatizo la hati yako si hatua ulizoweka. Tatizo ni muda. Maji kwenye jeraha la moto yanatakiwa dakika 20. Wewe umeyaonyesha kwa nusu dakika ili onyesho lisichoshe, na mtu akiona nusu dakika ndiyo atakayoifanya. Kadhalika na damu: mkono unatakiwa ukandamize jeraha dakika 10 nzima bila kuchungulia, na wewe umeweka kitambaa ukafunga papo hapo.

Ushauri wangu ni mmoja. Endesha onyesho lako kwa saa halisi. Mpishi aanze kumwagiwa maji, mtu mwenye saa atangaze kwa sauti, "Dakika ya kwanza." Maji yaendelee. Wakati yanaendelea kumwagika, ndipo kijana wa mashine akatike. Watu watajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba dakika 20 ni ndefu kuliko wanavyodhani, na kwamba damu inayomwagika hutangulia kuhudumiwa. Aliyeungua mkono anaweza kushika kopo na kujimwagia mwenyewe kwa mkono wa pili. Anayevuja damu hawezi kusubiri.

Kwa nini dakika 20? Uji ukiondoka kwenye ngozi, joto lake linabaki ndani ya nyama na linaendelea kuunguza kwenda chini. Kopo moja linapoza juu tu. Mgonjwa anasema "afadhali", watu wanaacha, na baada ya muda mfupi maumivu yanarudi. Uji ni mbaya kuliko maji kwa sababu unaganda kwenye ngozi na kushikilia joto, kwa hiyo maji ya mwanzo kazi yake ni kuuondoa. Wakati huohuo mvue pete, saa na bangili kabla mkono haujavimba. Nguo iliyolowa uji itoke, ila iliyogandana na ngozi usiivute. Ikate pembeni yake, ile iliyoganda iache hapohapo.

Barafu hapana. Inabana mishipa ya damu na kuliumiza zaidi eneo ambalo tayari limeumia.

Bandeji kwenye hati yako iondoe. Baada ya dakika 20 tandaza juu ya jeraha nailoni ile ya kufungia chakula. Mzunguko wa kwanza wa roli utupe, maana umeshikwashikwa. Itandaze, usiizungushe mkono mzima kama kamba, kwa sababu mkono utavimba. Kama roli haipo, mkono uingie ndani ya mfuko safi wa nailoni, ufungwe kwa kulegea. Haigandi kwenye jeraha, na daktari anaona bila kufungua.

---

Mgambo Mstaafu

Sista kasema vizuri kwenye moto, ila kwenye damu msipoteze wakati na kitambaa. Sisi mafunzoni tulifundishwa kufunga mkono juu ya jeraha mara moja, kamba yoyote iliyo karibu, kaza mpaka damu ikatike. Kila baada ya dakika 15 unalegeza kidogo ili mkono upate damu usife. Korona imejaa kamba za katani, vifaa mnavyo tayari. Nimeona mtu akiokolewa hivyo kwa macho yangu.

---

Dereva wa Shamba

Swali kwa Sista. Mimi ndiye mwenye gari siku ya ajali. Kutoka kwetu hadi Muheza ni mwendo, na tukipelekwa hospitali ya Bombo mjini Tanga ni zaidi. Nikae na injini inanguruma dakika 20 nikisubiri mtu amwagiwe maji? Wenzangu hawatanielewa. Tukizoea, ajali ikitokea tunapakia na kuondoka.

---

Sista wa Chumbageni

Naanza na Mzee Mgambo, shikamoo. Una haki nusu, na ile nusu ni muhimu. Kufunga mkono au mguu juu ya jeraha kunaokoa maisha, na wale wanaosema ukifunga lazima mkono ukatwe wanatisha watu bure. Lakini mambo matatu hayako sawa.

Kwanza, kamba ya katani. Najua ni nguvu na iko kila kona, ndiyo maana nataka Karani aikataze kwa sauti kwenye onyesho. Kamba nyembamba inakata ngozi na kuumiza mishipa ya fahamu, na mara nyingi haiwezi kubana ule mshipa mkubwa ulio ndani kabisa. Inabana mishipa ya juu tu, na damu inaweza hata kuongezeka. Kinachotakiwa ni mkanda mpana, vidole vitatu hivi. Khanga iliyokunjwa mara kadhaa inafaa kama mkanda wenyewe haupo. Halafu lazima kuwe na kijiti kigumu cha kusokotea. Kufunga kwa mikono tu hakutoshi, hata ukiwa na nguvu za mbeba mizigo. Unafunga fundo, unaweka kijiti juu yake, unafunga fundo jingine, unasokota mpaka damu isimame, kisha unakifunga kijiti kisirudi. Mgonjwa atalia. Maumivu hayo si dalili kwamba umekosea.

Pili, kulegeza. Hilo lilifundishwa zamani, wengi tumelisikia. Kila ukilegeza, damu iliyoanza kuganda inasukumwa na nyingine inamwagika, na mgonjwa anaisha kidogokidogo. Mkono unaweza kuvumilia takriban saa mbili. Kutoka mashambani kwenu, gari likiondoka mapema, mtu atakuwa mbele ya daktari kabla ya hapo. Kwa hiyo ukishakaza usilegeze. Andika saa uliyokaza, akalegeze daktari.

Tatu, haiwi ya kwanza kila mara. Damu nyingi ya mkono itasimama kwa kukandamizwa vizuri. Mkanda unaingia pale mikono imeshindwa, au damu inaruka kwa mapigo, au mkono umekatika kabisa, au uko peke yako na majeruhi wawili. Mahali pake ni vidole vinne juu ya jeraha. Usiuweke juu ya kiwiko chenyewe wala goti. Kama jeraha liko karibu na kiungo, panda juu ya kiungo.

Kwako Dereva. Kama mtu anavuja damu ambayo haijadhibitiwa, ondoka, na kukandamiza kuendelee ndani ya gari. Kama uso umeungua, sauti imekwaruza, au alikuwa ndani ya moshi chumbani, ondoka pia, kwa sababu koo linaweza kuvimba likaziba. Lakini mkono uliomwagikiwa na uji, mtu anaongea na kupumua vizuri, huyo maji kwanza. Hakuna atakachofanyiwa hospitali kitakachofidia maji aliyoyakosa. Tumia dakika hizo kupiga simu, kugeuza gari na kutandika nyuma.

---

Mama Vitumbua Ngamiani

Samahanini, naingilia. Leo saa 4 mafuta ya vitumbua yamenimwagikia juu ya mguu, sehemu ya unyayo kwa juu hadi vidoleni. Sasa hivi saa 5 na nusu. Jirani amenipaka dawa ya meno, maana ndiyo dawa tunayoijua. Kumeanza kuota malengelenge mawili makubwa. Niyatoboe maji yatoke? Panawaka sana.

---

Sista wa Chumbageni

Dada, pole sana. Acha kusoma uanze sasa hivi. Mguu kwenye beseni, mtu akumwagie maji safi ya baridi ya kawaida, yasiwe ya friji. Dawa ya meno itoke yenyewe kwa maji, usisugue. Maji yanasaidia hata baada ya saa moja na nusu. Mpaka saa tatu tangu kuungua bado yana kazi. Dakika 20 nzima, hesabu ukitazama saa. Kama umevaa kikuku, kivue sasa, baadaye hakitatoka.

Malengelenge usitoboe. Ile ngozi ndiyo kifuniko kizuri kuliko chochote ulicho nacho nyumbani.

Mguu ni sehemu ambayo lazima ionwe na mtaalamu hata kama inaonekana ndogo, sawa na mkono, uso, viungo na sehemu za siri. Baada ya maji funika na nailoni safi, nenda kituo cha afya leo, uulizie na sindano ya pepopunda. Na uniambie: una sukari?

---

Mzee wa Kumbukumbu

Nimesoma kichwa cha uzi. Karani, hakikisha fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi zipo. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa, na mfanyakazi aliyeungua kazini ana haki zake. OSHA nao wakija wataulizia sanduku la huduma ya kwanza, maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 iko wazi. Weka spiriti, dawa ya maumivu, pamba, mafuta ya kuungulia, na ufunguo akae nao meneja vitu visiibiwe.

---

Karani wa Korona

Mzee, asante, fomu nitazishughulikia, ila hapa nauliza kuhusu onyesho lenyewe, kile mtu anachokifanya kwa mikono kabla ya daktari.

Sista, nina maswali mawili. La kwanza ni maji. Bomba letu linatoka kwenye simtanki jeusi lililo juani. Saa sita mchana maji ya kwanza ni ya moto, huwezi hata kunawa. La pili, hilo la kukandamiza nitalionyeshaje? Nikimwambia mtu "kandamiza kwa nguvu", kila mmoja ana nguvu yake.

---

Sista wa Chumbageni

Swali la maji ni zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Bomba lililofunguliwa kwa wastani linatoa kama lita 4 au 5 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni lita 80 hadi 100. Tanki likiwa tupu siku hiyo, mmekwama. Lakini si lazima bomba. Mtu akimwaga kwa kopo taratibu, bila kukatiza, lita 2 kwa dakika zinatosha. Hizo ni lita 40, yaani madumu mawili ya lita 20. Weka madumu mawili ya maji safi kivulini karibu na jiko na mawili karibu na mashine, na yawe na alama kwamba hayaguswi kwa kazi nyingine. Yabadilishwe kila wiki. Kama ni bomba la tanki jeusi, acha maji ya bombani yatoke kwanza mpaka yapoe, ujaribu kwa mkono wako kabla ya mkono wa mgonjwa. Yasipopoa, tumieni madumu.

Kuhusu kukandamiza, tengeneza jeraha la godoro. Chukua kipande cha sponji la godoro kinene kama paja, kichane urefu wa kidole na kina cha nusu kidole. Pitisha mrija wa dripu kutoka chini uishie ndani ya mpasuko, na upande wa pili uungane na chupa ya lita moja na nusu yenye maji yaliyotiwa rozela. Mtu mmoja aiinue chupa na kuiminya. Sasa ita watu waje wajaribu. Atakayerundika matambara mengi na kushika kwa kiganja kizima ataona nyekundu inaendelea kupita chini. Atakayesogeza kitambaa, akatazama damu inatokea wapi, akaweka vidole na kitambaa hapohapo, akanyoosha mikono na kuegemea kwa uzito wa mwili, ataona imesimama. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Watakuuliza kitambaa kikilowa wafanye nini. Waongeze cha pili juu na kukandamiza zaidi. Kikilowa na hicho, maana yake hawako juu ya tundu lenyewe. Waondoe vyote, watafute damu inapotokea, waanze upya hapo. Ikishindikana kwenye mkono au mguu, ndipo mkanda.

Na ile chupa ya lita moja na nusu uitumie mara ya pili. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na akipoteza kiasi cha chupa hiyo yuko kwenye hatari ya kufa. Imwage moja kwenye sakafu ya saruji na nyingine kwenye udongo mkavu wa shambani. Sakafuni itatisha kila mtu. Kwenye udongo itamezwa, watu watasema "mbona kidogo". Wakata mkonge wanaumia kwenye udongo, hao ndio wanaodanganyika.

Mzee wa Kumbukumbu, pamoja na heshima zote, ufunguo usikae kwa meneja. Sanduku lisifungwe kwa kufuli kabisa. Na spiriti wala mafuta ya kuungulia yasiguse jeraha la moto kabla ya hospitali.

---

Seremala wa Bagamoyo

Nafuatilia kutoka huku Bagamoyo, karakana ya milango. Kijana wangu aliwahi kuchomwa na patasi ikabaki imesimama kwenye paja. Kila mtu alitaka kuichomoa. Mimi nilikataa, tukampeleka nayo hivyohivyo. Nilifanya sawa?

---

Sista wa Chumbageni

Ulifanya sawa kabisa, fundi. Patasi iliyobaki ndani inaweza kuwa ndiyo imeziba mshipa. Unakandamiza pembeni zake, kulia na kushoto, unaweka vitambaa vilivyokunjwa pande zote ili isitikisike, halafu unafunga juu ya vitambaa, wala si juu ya patasi.

---

Mgambo Mstaafu

Sista, nimekuelewa kwenye kamba nyembamba. Kwenye kulegeza bado nina wasiwasi. Je, gari likiharibika njiani na saa mbili zikapita?

---

Sista wa Chumbageni

Swali la haki, Mzee. Hapo hata wataalamu wana mazungumzo yao, na uamuzi unategemea mgonjwa yuko katika hali gani na nani yuko naye. Kwa mtu asiye na mafunzo ya hospitali mimi nasimama palepale: usilegeze, tafuta gari jingine. Mkono ukiharibika, mtu bado yupo. Damu ikiisha, hayupo.

---

Dereva wa Shamba

Na saa iandikwe wapi? Karatasi zinapotea.

---

Sista wa Chumbageni

Kwenye paji la uso au kwenye mkono usioumia, kwa kalamu ya wino mzito. Na andika "saa 4:25 asubuhi", usiandike "4:25" peke yake. Hospitali tunaandika 10:25, na nesi wa zamu akiona 4:25 tupu anaweza kudhani mkanda umekaa tangu alfajiri.

---

Mama Vitumbua Ngamiani

Nimerudi. Nimemwagiwa maji dakika 20 kwa saa ya simu, dawa ya meno imetoka. Moto umepungua sana ingawa haujaisha. Ndiyo Sista, nina sukari, natumia vidonge. Nimefunika na mfuko wa mkate mpya. Mume wangu ameita bajaji.

---

Sista wa Chumbageni

Nenda mama, na hilo la sukari ulitaje ukifika tu mapokezi, kabla hujaulizwa. Mguu wa mwenye sukari hauangaliwi nyumbani. Leo usivae kandambili yenye mkanda juu ya jeraha.

---

Karani wa Korona

Nimeandika upya. Nimeweka maneno yatakayosemwa, maana waigizaji wangu wakikosa maneno wanacheka.

*Mashine zimezimwa. Mshika saa anasimama juu ya benchi.*

*MPISHI anamwagikiwa, anapiga kelele.*

*MHUDUMU: Uji uko wapi? Jikoni hakuna kingine kinachowaka? Sawa. Njoo kwenye dumu. (Anamvua saa na pete huku mwingine akimwaga maji.)*

*MSHIKA SAA: Tumeanza. Dakika sifuri.*

*MTU KATIKA UMATI: Leteni dawa ya meno! Leteni yai!*

*MHUDUMU: Hapana. Maji tu. Wewe piga simu kwa dereva, kisha urudi uniambie amesema nini.*

*MSHIKA SAA: Dakika ya nne.*

*KIJANA WA BRASHI anakuja ameshika mkono, damu ya rozela inachuruzika.*

*MHUDUMU (kwa mpishi): Shika kopo, endelea kujimwagia, usiache. (Kwa kijana) Mashine imezimwa? Nani ameizima? Lala chini. (Anavaa glavu. Kama hakuna, mifuko ya nailoni mikononi.)*

*Anatazama jeraha, anaweka kitambaa, ananyoosha mikono na kukandamiza.*

*MSHIKA SAA: Damu, dakika sifuri. Moto, dakika ya tano.*

*MTU KATIKA UMATI: Fungua tuone kama imekata.*

*MHUDUMU: Sifungui mpaka dakika ya kumi.*

Hapo katikati, wakati saa inaendelea, nitawaita watu wengine wajaribu sponji la godoro. Dakika ya kumi ya damu ikifika inakuwa dakika ya 15 ya moto, na mpishi bado anajimwagia maji mbele ya kila mtu. Nadhani hapo ndipo watakapoelewa. Mwisho gari linakuja kweli, dereva analigeuza kweli.

Nimesahau nini?

---

Sista wa Chumbageni

Hii ndiyo hati. Ongeza vitu vichache.

Kijana akiwa chini mfunike khanga au shuka. Aliyepoteza damu anapoa hata kwenye joto la Tanga, na akipoa damu inakataa kuganda. Hata aliyeungua sehemu kubwa, maji yaende kwenye jeraha na mwili uliobaki ufunikwe. Akianza kutetemeka, simamisha maji.

Mtu amtazame kijana usoni muda wote na kuzungumza naye. Kwa ngozi zetu usitafute weupe usoni. Tazama ndani ya mdomo wa chini na viganja. Akianza kupauka hapo, jasho la baridi, pumzi za harakaharaka, anaomba maji ya kunywa na maneno yanachanganyika, damu imepungua sana hata kama huioni, na gari liondoke. Maji ya kunywa asipewe, wala chai ya sukari, maana anaweza kuhitaji kupasuliwa.

Na mkanda wa kubana usiukaze kwa mtu mzima wa afya kwenye onyesho. Ufungwe kwenye mguu wa meza au gogo la mgomba. Waache wausokote wenyewe mpaka wachoke, wajue nguvu inayotakiwa.

---

Seremala wa Bagamoyo

Na kama kidole kimekatika kabisa kimebaki kwenye mashine? Kwangu kuna msumeno wa duara, silali vizuri.

---

Sista wa Chumbageni

Kwanza mkono uliobaki, damu isimame. Kidole baadaye, na mtu mwingine ndiye akitafute. Kizungushie kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, kitie kwenye mfuko wa nailoni ufungwe, na mfuko huo uweke ndani ya mfuko mwingine wenye barafu na maji. Kisiguse barafu moja kwa moja, nyama inakufa kwa baridi. Kiende kwenye gari lilelile na mgonjwa. Kama kitaunganishwa au la, hilo linategemea hospitali mtakayofika na kidole chenyewe kilivyopondeka, siwezi kukuahidi.

---

Mgambo Mstaafu

Karani, mimi naishi Pongwe. Jumatano nitakuja kushika chupa ya rozela. Ila nitaleta na mkanda wangu mpana wa turubai, watu waujaribu kwenye gogo pamoja na khanga, waone upi unakaza haraka.

---

Karani wa Korona

Karibu sana Mzee, saa 1 kamili asubuhi getini. Meneja amekubali madumu manne. Kuhusu kufuli la sanduku bado tunabishana, anasema glavu zitaisha kwa watu wa jikoni. Nimemwomba tuweke sanduku wazi lenye glavu, gozi, nailoni na mkanda tu, vidonge vibaki ofisini kwake. Atajibu kesho.

---

Sista wa Chumbageni

Tia na mkasi kwenye hilo sanduku wazi, wa kukatia nguo, na ile kalamu ya wino mzito. Namba 112 na 114 ziandikwe ukutani kwa rangi, pamoja na namba ya Dereva.